Udi kwenye ndege: uubebe mkononi, uuache kwenye mizigo, au uununulie siti?

Kila ikikaribia safari swali ni lile lile, mtu ana udi wake, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, ana tiketi ya Ulaya au Ghuba, na hajui aupande nao ndani au auache kaunta. Majibu anayopewa yanagongana, mmoja atakwambia beba tu hawasemi kitu, mwingine atakwambia mimi waliniambia nilipe, na wote wawili wanasema kweli manake walipanda ndege tofauti siku tofauti. Mimi nimeshajaribu njia zote tatu, na nimeshavunjiwa mara moja, kwa hiyo naziweka pembeni kwa pembeni uchague mwenyewe. Naongelea udi kwa sababu ndio ninaoujua ila mwenye gitaa atafuata hesabu hizi hizi, tofauti yake ni kwamba gitaa ni refu zaidi na udi una tumbo nene zaidi.

Kabla ya njia zenyewe, vitu vya kupimia. Mimi naangalia vinne: saizi na sheria inasemaje, pesa inatoka kiasi gani, uwezekano wa chombo kuumia, na usumbufu wa njiani hasa kama unabadilisha ndege. Kila njia nitaipitisha kwenye hivyo vinne.

Halafu kuna jambo moja watu hawalipi uzito. Ndege ndogo kuliko zote kwenye tiketi yako ndiyo inayoamua. Mtu anasoma kurasa nzima kuhusu lile dege kubwa la Ghuba kwenda Ulaya, anajiridhisha, anasahau kwamba kutoka Unguja hadi Dar kapangiwa Caravan ya injini moja yenye abiria kumi na wachache, ambayo kabati la juu haina kabisa, mzigo unaotakiwa ni begi laini na kilo 15 mara nyingi ndio mwisho. Au kapangiwa ATR, yenye kabati la juu lakini dogo, hata kibegi cha kawaida cha magurudumu kinasumbua humo. Kwa hiyo fungua tiketi, angalia kila kipande ni ndege gani, kisha ndio uendelee kusoma.

Pima kwanza, na upime ukiwa ndani ya begi

Chukua futi ya fundi cherehani. Udi wangu wenyewe ukiwa mtupu una urefu wa sentimita 82, upana 36 pale tumbo lilipotanuka, na kina 19. Hizo namba hazina kazi kaunta, wao wanapima nje ya begi. Ukiwa kwenye begi laini lenye sponji nzuri inakuwa 88 kwa 40 kwa 24. Ukiwa kwenye kesi ngumu inakuwa 92 kwa 44 kwa 27.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndipo watu wanapochanganya. Mzigo wa mkononi unapimwa kila upande peke yake, kampuni nyingi zinataka kwenye 55 kwa 35 au 40, na unene wa 20 na kitu. Mzigo wa chini wenyewe unapimwa kwa kujumlisha pande tatu, na jumla ya kawaida ni sentimita 158. Kwa hiyo udi wangu kwenye begi laini unafikisha jumla 152, unaonekana mdogo, lakini kwa mzigo wa mkononi umeshakufa kwenye urefu peke yake, 88 dhidi ya 55. Na ule wa kesi ngumu, 92 jumlisha 44 jumlisha 27 ni 163, umezidi 158 kwa sentimita tano. Kesi ya gitaa ndio usiseme, nyingi zinapita 165.

Maana yake nini? Kwa maandishi ya kawaida hakuna udi wa mtu mzima unaoingia mkononi, wala chini ukiwa kwenye kesi ngumu, bila maelezo. Kinachokuokoa ni ule ukurasa wa pili ambao watu hawaufungui, ule wa vyombo vya muziki, huko kampuni nyingi zina vipimo vingine vilivyo vipana kidogo kuliko vya begi la nguo. Huo ukurasa ndio wa kuuchapisha na kwenda nao, sio picha ya simu ambayo chaji inaisha kwenye foleni.

Njia ya kwanza: mkononi, ndani ya begi laini

Saizi na sheria. Unategemea ule ukurasa wa vyombo vya muziki, na pale usiposema wazi unategemea huruma ya aliye kaunta. Sehemu moja ambayo sheria iko upande wako ni kwa kampuni za ndege za Marekani, huko bunge lilipitisha sheria 2012 na kanuni zake zikaanza kufanya kazi 2015, kwamba chombo kidogo kama fidla au gitaa kinaruhusiwa ndani kama kinatosha kwenye kabati au chini ya siti, na nafasi ni ya aliyewahi kupanda. Ikumbuke hiyo ya mwisho, aliyewahi. Ukipanda wa mwisho makabati yamejaa masanduku, hawalazimiki kumtolea mtu sanduku lake ili udi wako ukae.

Pesa. Mara nyingi bure. Lakini angalia kama chombo kinahesabika ndio mzigo wako wa mkononi, basi kile kibegi chako kingine kinakosa nafasi na unakilipia. Uzito hausumbui, udi wenyewe haufiki kilo tatu ukiwa na begi lake, hata kampuni zenye kilo 7 unapita.

Hatari. Ukifika nao ndani mpaka mwisho hii ni salama sana kwa udi, kwa sababu mkono wako ndio unaouweka na ndio unaoutoa. Ukifika, usiulaze chini masanduku yakarundikwa juu yake, subiri watu wapange, kisha uuweke juu ya mabegi laini ukiwa umelala ubavu, uso wa mbao ukiangalia ndani na sio ukiangalia mlango wa kabati, maana mlango ukigongwa ndio unaokutana na uso. Ila hatari kubwa ya njia hii iko mlangoni mwa ndege. Wanakwambia kabati limejaa, wanaufunga karatasi, wanaupeleka chini. Sasa una begi laini kwenye tumbo la ndege, na hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote, bora hata ungeuacha kaunta kwenye kesi ngumu toka asubuhi.

Usumbufu. Mdogo ukiwa na ndege moja, unakua kila unapobadilisha, kwa sababu kila geti ina mtu mpya na unaanza kuomba upya. Kubaliwa Dar hakukupi haki yoyote geti ya pili.

Inamfaa nani: mwenye ndege kubwa kote njiani, anayewahi uwanjani, na mwenye ulimi mlaini. Usicheke, ulimi mlaini ni kipimo. Aliye kaunta ukimwita dada au kaka, shikamoo kama amekuzidi, ukamwambia chombo hiki kimetengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao, tumbo lake ni kama ganda la yai, anakuelewa haraka kuliko ukimrushia kanuni usoni.

Njia ya pili: kesi ngumu, chini kwenye mizigo

Saizi na sheria. Jumla 158 ndio mpaka wa kawaida na kilo 23 kwa siti za kawaida. Kilo hazina shida, udi na kesi yake ngumu ni kama kilo 8. Sentimita ndizo zenye shida, kama nilivyokuonyesha. Kampuni nyingi zinapokea chombo cha muziki kilichozidi kidogo bila neno, nyingine zinatoza kama mzigo mkubwa. Ulizia kwa maandishi kabla, barua pepe ikijibiwa ichapishe.

Pesa. Kama tiketi yako ina mabegi mawili, hapa hulipi kitu, udi unakuwa begi la pili. Kama ina moja, utalipia la pili, na wengi wanapata nafuu wakililipia mtandaoni kabla ya kufika kaunta. Halafu kuna bei ya kesi yenyewe, kesi nzuri ya udi sio rahisi na hapa nyumbani haipatikani kila duka, wengi wanaagiza kutoka Istanbul au Cairo.

Hatari. Watu wanaogopa baridi, lakini ninachokiogopa mimi ni kuanguka. Tumbo la ndege za abiria lina hewa iliyoshindiliwa kama ya juu, tatizo ni mkanda wa mizigo na mikono ya kurushiana. Kesi ikianguka kifudifudi au kwa kisigino, nje haionekani kitu, ila ndani kile kichwa cha vigingi kilichopinda nyuma kinaendelea na mwendo wakati tumbo limeshasimama, na nguvu yote inaishia pale shingo inapoungana na tumbo. Wangu ulivunjika hivyo hivyo. Kesi haikuwa hata na mkwaruzo. Nilifungua hotelini, nikaona uko sawa, nikaanza kukaza nyuzi, na kila nikikaza nyuzi zinazidi kupanda juu ya shingo, nikaangalia kwa ubavu nikaona mstari mwembamba kama unywele pale kwenye kiungo. Nilikuwa nimeshatoka uwanjani. Kampuni, siitaji, iliniambia ungesema pale pale.

Ndio maana nakwambia, ukipokea udi fungua kabla ya kutoka kwenye ukumbi wa mizigo. Angalia kwa ubavu kutoka kichwani kuelekea tumboni, shingo iwe mstari mmoja na uso. Gonga kidogo mbavu za tumbo kwa kidole kuzunguka, mlio uwe mmoja, ukisikia mahali panatetemeka ujue ubavu umeachia gundi. Ukiona tatizo nenda kaunta ya mizigo wakuandikie fomu ya PIR, yaani ripoti ya mzigo wenye tatizo, hapo hapo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zote zimo, malalamiko ya mzigo ulioharibika yaende kwa maandishi ndani ya siku 7 toka uupokee, na fidia ina dari. Toka mwisho wa Desemba 2024 dari hilo ni SDR 1,519 kwa abiria, hiyo ni sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Dunia, kwa dola ni kwenye elfu mbili na ushee. Udi wako ukizidi hapo, uliza kuhusu kutangaza thamani kaunta na kulipia nyongeza, au kata bima ya chombo. Na angalia kile kikaratasi wanachokusainisha mara nyingine ukitoa kitu dhaifu, kinaweza kuwa kinasema kampuni haihusiki kikivunjika, soma kabla ya kalamu kugusa.

Usumbufu. Hapa njia ya pili inashinda, unauachia asubuhi unaukuta mwisho wa safari, unakula, unalala, huna ugomvi na geti yoyote. Labda tu usubiri kwenye mlango wa mizigo mikubwa, mara nyingi hautoki kwenye mkanda na mabegi mengine.

Inamfaa nani: mwenye viunganishi vingi au ndege ndogo mahali fulani, mwenye kesi ya maana, na mwenye udi ambao ukiumia unatengenezeka na roho haiumi sana.

Njia ya tatu: kuununulia siti

Saizi na sheria. Hii watu wanadhani ni ya matajiri tu, ila ipo. Chombo kinakatiwa tiketi yake, kwenye mfumo kinaandikwa CBBG kwenye sehemu ya jina. Usichanganye na EXST, hiyo ni siti ya ziada ya mtu mwenyewe anayetaka nafasi. Huwezi kuikata mtandaoni kama tiketi ya kawaida, unapiga simu kampuni au unaenda kwa wakala, unawapa vipimo na kilo, wanakupangia siti ya dirishani, kamwe sio mstari wa mlango wa dharura, na chombo kinafungwa mkanda. Kampuni nyingine hazikubali kabisa, na kwenye ndege ndogo zetu hata usiulize.

Pesa. Ni nauli nyingine, mara nyingi bila zile kodi za uwanja za abiria. Chakula hakiletewi, na mara nyingi begi la ziada la chini hupewi pia. Kwa udi wa kufundishia, nauli ya Ulaya ya mara moja inaweza kuzidi bei ya udi wenyewe, hapo hesabu inakataa.

Hatari. Ndogo kuliko zote. Hakuna wa kuugusa ila wewe. Kitu kimoja tu, hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na mbao iliyozoea unyevu wa Mji Mkongwe inashtuka, kwa hiyo uache ndani ya begi lake safari nzima, usiutoe kumpigia jirani.

Usumbufu. Uko mwanzoni, simu na barua pepe mpaka uchoke, na ndege ikibadilishwa saizi dakika za mwisho hakikisha ile siti ya pili imehama na wewe. Uliza kaunta.

Inamfaa nani: mwenye selo kwanza kabisa, manake selo haiingii kabatini kwa hali yoyote, na mwenye udi, au ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni, ya zamani ya fundi mkubwa isiyopatikana tena. Pia ukiwa umealikwa tamasha na waandaaji wanalipa nauli, waombe mapema waiweke kwenye bajeti, mara nyingine wanakubali wakiombwa miezi kabla na wanakataa wakiombwa wiki moja kabla.

Kufunga, njia yoyote utakayochagua

Hapa sitakimbia. Legeza nyuzi, usizitoe. Shusha kama sauti moja au mbili kamili, zilegee lakini zibaki mahali pake. Ukiziacha zimekazwa, ule mvutano unajumlika na pigo la kuanguka na kiungo cha shingo kinaachia kirahisi. Mwenye fidla asifuate hili kikamilifu, fidla ukilegeza zote ile daraja inadondoka na kijiti cha ndani kinachosimamisha uso nacho kinaweza kuanguka, shusha kidogo tu.

Kisha weka kitambaa laini kati ya nyuzi na uso, na kati ya nyuzi na shingo. Halafu kichwa cha vigingi. Hiki ndicho watu wanakisahau, wanajaza pembeni mwa tumbo kwa khanga na fulana, kichwa wanakiacha kinaning'inia. Kinyume chake ndio sawa, shingo iwe na kitu kigumu kiasi chini yake kinachoibeba, na kichwa kizungukwe pande zote bila kugusa ukuta wa kesi, hasa ukuta wa mwisho. Soksi zilizokunjwa zinafanya kazi nzuri kuliko unavyodhani. Funga, inua kesi, itikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia chochote kinagonga, fungua urudie.

Kama unaushusha chini, kesi hiyo ukiitia ndani ya boksi gumu lenye sponji ya sentimita tano kila upande ni salama zaidi, lakini hesabu tena: 92 inakuwa 102 na zaidi, 44 inakuwa 54, 27 inakuwa 37, jumla 193, hapo mzigo mkubwa unalipiwa bila mjadala. Chagua kimoja, usifike kaunta ndio ugundue.

Piga picha udi ukiwa wazi, ukiwa umefungwa, na kesi kwa nje, siku hiyo hiyo. Jina na namba ya simu viwe ndani ya kesi pia, karatasi ya nje inachanika. Koleo la kukatia nyuzi na nyuzi za akiba viweke kwenye begi la chini, skana wengine wanazikatalia ndani. Na risha ya kupigia nyuzi, ukiwa nayo ile ya zamani ya gamba la ng'amba iache nyumbani, ng'amba yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, na forodhani wanaweza kuichukua, tumia ya plastiki au ya pembe ya ng'ombe. Pembe za ndovu kwenye vigingi au nakshi, hivyo hivyo.

Ukifika nchi ya baridi usifungue kesi papo hapo. Iache chumbani masaa kadhaa ipate joto taratibu. Vyumba vyenye hita wakati wa baridi vinakauka sana, mbao inapenda unyevu wa asilimia 40 mpaka 60, pakiti ya unyevu ndani ya kesi inasaidia.

Kwa hali yako sasa

Unatoka Unguja na kipande cha kwanza ni ndege ndogo: achana na hicho kipande, panda boti mpaka Dar kama masaa mawili hivi, udi ukiwa miguuni mwako, anzia safari uwanja wa Dar. Wa Mombasa ana treni ya SGR mpaka Nairobi kwa mantiki hiyo hiyo. Lakini tiketi ikiwa ni moja, piga simu kwanza, ukiruka kipande cha kwanza bila taarifa wanaweza kufuta vilivyobaki.

Ndege moja kubwa ya moja kwa moja na udi wa kawaida: mkononi, lakini kwenye kesi ile ya nusu ngumu yenye povu zito, ili wakikukatalia mlangoni usife moyo.

Ndege tatu, usiku kucha, na watoto wawili pembeni: kesi ngumu chini, nyuzi zimelegezwa, PIR kichwani. Mikono yako miwili ina kazi nyingine.

Udi wa babu: siti, na kama pesa haipo, jiulize kama lazima usafiri huo. Mimi wa babu yangu uko ukutani Malindi na ninaoruka nao ni wa fundi wa juzi juzi, wenye kiungo cha shingo kilichogundishwa tena.

Mtu wa kundi zima la taarabu, fidla tatu, kanuni, udi na besi: hapo msihangaike mmoja mmoja kaunta, kateni tiketi za kundi kwa wakala na orodha ya vyombo na vipimo iende pamoja na majina. Besi haitapanda na nyinyi, ombeni wenyeji wawakodishie huko huko.

Na kama ndege yako ni kesho asubuhi na hujapiga simu kwa mtu yeyote, fika masaa matatu kabla, uwe na kesi ngumu, na pesa ya begi la pili mfukoni.